Aksum: Kutoka Hilali hadi Msalaba

Mji wa Aksum ulikuwa kwenye nyanda za juu za Tigray, kaskazini mwa Ethiopia ya leo, mbali na pwani. Utajiri wake, hata hivyo, ulitoka baharini. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ambacho pia kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, kinaeleza kwamba pembe za ndovu kutoka ng'ambo ya Nile zilikusanywa Aksum, kisha zikateremshwa hadi bandari ya Adulis, safari ya siku nane. Huko zilibadilishwa kwa nguo, chuma, vyombo vya shaba na divai.

Kufikia mwisho wa karne ya 3, wafalme wa Aksum walikuwa wakitengeneza sarafu zao za dhahabu zenye maandishi ya Kigiriki, lugha ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu.

Sarafu hizo ndizo shahidi bora wa mabadiliko ya dini. Za mwanzo za Mfalme Ezana zina hilali na duara juu ya kichwa chake. Za baadaye, katikati ya karne ya 4, zina msalaba. Inasimuliwa kuwa Frumentio, kijana wa Tiro aliyetekwa pwani na kulelewa ikulu, ndiye aliyeeneza imani hiyo. Athanasio wa Aleksandria alimweka wakfu kuwa askofu, na kwa karne nyingi maaskofu wakuu wa Ethiopia waliendelea kutoka Misri.