Jipu Linalorudi Kwapani

Fundi cherehani wa miaka 27 anafika kituo cha afya akiwa ameuinua mkono wa kulia, hawezi kuushusha. Ana jipu kwapani. Anachomwa ganzi, jipu linapasuliwa, usaha unatoka, anaondoka na vidonge vya siku saba. Baada ya wiki mbili yuko kwenye cherehani yake. Miezi mitatu ikipita, jipu linaota tena pembeni ya kovu lilelile, baadaye kwapa la kushoto, kisha kinenani. Kila mara anapasuliwa upya. Nyumbani wengine wanasema haogi vizuri, wengine wanasema amerogwa. Madaktari wa ngozi wanaijua vizuri habari ya namna hii, na wanajua pia kwamba mara nyingi huwafikia baada ya miaka mingi.

Jipu la kawaida huletwa na bakteria, hasa stafilokokasi, walioingia kwenye ngozi. Huvimba kwa siku chache, huiva, huwa na kichwa kimoja, na usaha ukitoka huisha. Hilo kisu ndicho dawa yake. Likiwa na usaha tayari, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi.

Ugonjwa wa fundi wetu ni mwingine. Unaitwa hidradenaitisi. Chanzo chake ni kinyweleo, yaani kitundu ambamo unywele huota. Kinaziba, kinatanuka, kinapasukia ndani ya ngozi, na kinga ya mwili inavishambulia vilivyomwagika humo. Uvimbe na maumivu yanatokana na mashambulizi hayo. Bakteria wanaweza kuwapo, lakini si wao walioanzisha. Ndiyo maana ugonjwa huu hauambukizi, na haumpati mtu kwa sababu ya uchafu. Huanza baada ya kubalehe, mara nyingine hufuata ukoo, na huonekana zaidi kwa wavutaji sigara na wenye uzito mkubwa, ingawa wembamba wasiovuta nao huupata.

Dalili za kuutambua ni mahali na marudio. Vivimbe viwili au zaidi ndani ya miezi sita, kwapani, kinenani, chini ya matiti au kwenye matako, vinatosha kuutilia shaka. Tazama pia ngozi yenyewe: vidoa vyeusi vilivyokaa viwili viwili, makovu yaliyokakamaa kama kamba, na matundu yanayovuja majimaji yenye harufu. Ukiendelea, matundu hayo huungana chini kwa chini kama njia za fuko shambani. Mgonjwa wa jipu la kawaida hana njia hizo.

Basi kupasua kunafaa lini? Uvimbe ukiwa umejaa, umelainika, ukibonyezwa unahisi majimaji yakicheza ndani, na maumivu hayavumiliki, tabibu aupasue ili mgonjwa apate nafuu. Lakini kwa hidradenaitisi nafuu hiyo ni ya muda, kwa sababu kinyweleo kilichoharibika na njia zake vimebaki humo. Uvimbe mgumu usio na usaha haufai kupasuliwa kabisa. Hutoka damu tu na kuongeza kovu. Uvimbe mmoja mkali kama huo daktari anaweza kuuchoma sindano ya steroidi ndani yake. Nyumbani usiuminye wala kuutoboa kwa wembe.

Kinenani pana hatari ya pekee. Uvimbe wa hapo unaweza kuwa mtoki, ngiri, hata mshipa mkubwa wa damu uliotanuka. Ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, au ukirudi ndani unapolala, usiguswe na kisu kabla ya kuchunguzwa.

Tiba hasa inataka subira. Hali ikiwa ya kati, daktari huweza kuanza na doksisaiklini kwa wiki kumi na mbili hivi, si siku saba, kwa sababu dawa hiyo pia hutuliza uvimbe. Mjamzito hapewi. Wengine hupewa klindamaisini pamoja na rifampisini, lakini kifua kikuu lazima kichunguzwe kwanza, na mwenye kutumia vidonge vya uzazi wa mpango au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aseme mapema, maana rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi yake. Njia zikishakaa chini ya ngozi, mpasuaji hulifungua paa la njia nzima na kusafisha sakafu yake, au huondoa kipande chote cha ngozi. Hapo kisu kinatibu kweli.

Homa, wekundu unaosambaa haraka, au jipu kwa mwenye kisukari, usisubiri: nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama jipu lako limerudi, kabla hujakubali kupasuliwa tena mwambie tabibu limerudi mara ngapi, muoneshe makwapa yote mawili na kinena bila haya, umwombe rufaa kwa daktari wa ngozi.