Zana si dhana: kukagua ripoti ya jaribio la mtoto

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa darasa la saba hapa Busisi aliyejaza maji ya ziwa yenye tope katika chupa mbili, akatia shabu katika chupa moja na kuiacha nyingine bila kitu. Ripoti yake inasomeka hivi:

“Dhana: chupa mbili, shabu, kijiko. Tulithibiti kiasi cha maji, lita moja kila chupa. Shabu iliadhiri maji, tope likatuama. Tumedhibitisha kuwa shabu hufanya maji yawe salama.”

Macho hupita juu ya makosa haya kwa urahisi, kwa kuwa karibu kila neno hapo lipo katika kamusi. Chanzo chake ni matamshi. Wengi wetu huku bara hutamka dh kama z, na th kama s. Mtoto aliyekwisha kusahihishwa mara nyingi huanza kuogopa z, akaandika dh hata pasipostahili. Kwa hiyo zana, yaani vifaa, zimegeuka dhana, yaani wazo lililo akilini. Kipimo ni chepesi: kinachoshikika kwa mkono ni zana.

Kuadhiri ni kufedhehesha, na maji hayafedheheki. Lililokusudiwa ni kuathiri, yaani kuleta mabadiliko. Jina lake ni athari. Penye kiambishi cha mtendaji na wakati, kama “iliathiri”, andika kitenzi. Panapofuatiwa na “ya” au “za”, kama “athari ya shabu”, andika jina.

Jozi ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kudhibiti ni kushika jambo lisibadilike ovyo, kama kiasi cha maji kilivyolinganishwa. Kuthibitisha ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba jambo ni kweli. Waliosoma madrasa wana msaada hapa: dhibiti limetokana na neno la Kiarabu linaloanza na dhad, thibitisha na linaloanza na tha. Asiyejua herufi hizo na ajiulize: je, hili tulilifanya kabla ya matokeo, ili jaribio liwe la haki, au tulilipata baada yake?

Tukisahihisha sentensi ya mwisho iwe “tumethibitisha”, kosa kubwa zaidi hujitokeza. Ushahidi uko wapi? Mtoto aliona tope likituama. Vijidudu hakuvipima, na maji maangavu yaweza kuwa navyo bado. Hivyo kubadili herufi pekee hakutoshi. Sentensi inayolingana na jaribio ni hii: “Tumeona kuwa shabu hutuamisha tope, hatukuthibitisha kuwa maji ni salama kunywa.”

Mzazi anayekagua asisome ripoti yote kwa mkupuo. Azungushie duara kila neno lenye dh, th au z, kisha amwombe mtoto aeleze maana ya kila moja. Na nyumbani, maji hayo yachemshwe kabla ya kunywewa.