Nyumbani ni Wapi? Slufay na Wimbo wa Sala kwa Walio Ughaibuni

Mtu akitaka kuwatungia waumini wa Mbulu na Hanang walio ughaibuni wimbo wa kuombea upweke wao, neno la kwanza kumtega ni "nyumbani". Katika nyimbo nyingi za Kikristo za Kiswahili, nyumbani ni mbinguni na dunia ni ugenini. Sasa mtu aliyemwacha mama yake Katesh, akiimba kwamba atafika nyumbani, anaomba nini hasa? Kurudi Hanang, au kufa? Mtunzi asipoamua, wimbo wa faraja unageuka wimbo wa msiba.

Kwa maoni yetu, njia ya kutoka hapo ipo katika slufay, sala ya mapokeo ya Wairaqw. Hebu tuangalie fani yake. Mzee anaomba mstari mmoja mmoja, na waliopo wanaitikia pamoja. Anaombea nchi, watu, mifugo na mvua. Haombi kuihama dunia, anaomba ikalike. Tena kiitikio si pambo: fanani asipoitikiwa, yale yanabaki maneno ya mtu mmoja tu. Na upweke wa ugenini ni huohuo, kusema bila wa kukuitikia.

Tuchukue mfano, mistari tuliyoitunga wenyewe kwa kufuata umbo hilo:

Kiongozi: Mlima Hanang utulie.
Wote: Utulie.
Kiongozi: Mama wa Katesh alale pakavu.
Wote: Alale.
Kiongozi: Nasi tulio mbali, tuitane.
Wote: Tuitane.

Mstari wa kwanza una sababu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, na makumi ya watu walikufa. Aliye mbali hakuweza hata kushika jembe makaburini. Kumwimbia mtu huyo uzuri wa milima ya kwao tu ni kumpa picha ya ukutani. Yeye anataka kuiombea. Ndiyo maana vitenzi vyote viko katika hali ya kuomba: utulie, alale, tuitane. Mstari wa tatu unageuza sala kwa waimbaji wenyewe, maana nao wana haja.

Kuna mipaka, lakini. Slufay halisi ni ya Kiiraqw, imejaa mafumbo, na kwa desturi huongozwa na mzee mwanamume. Kwaya ya ughaibuni huenda ikaongozwa na mama, na watoto waliozaliwa huko wasikijue Kiiraqw. Kurudia kitenzi kimoja kunawaingiza wote, ila mafumbo yanapotea. Wapo pia waumini watakaosema hiyo ni mila, si ibada.

Kipimo chetu ni chepesi: ondoa kiitikio. Wimbo ukibaki vilevile, basi mtunzi amechukua jina la slufay tu, na yule mpweke bado anaimba peke yake.