Sekunde Arubaini za Gari la Matangazo

Gari la matangazo linapopita Barabara ya Digo likinadi ofa ya leso, kila msikilizaji hulidaka tangazo mahali pake. Aliye dukani hulipata katikati, anayevuka barabara huambulia mkia. Tuseme gari linakwenda kilomita 10 kwa saa, na maneno yanasikika vizuri kuanzia mita 60 kabla halijakufikia hadi mita 60 baada ya kukupita. Hizo ni kama sekunde 40, basi. Tangazo la dakika moja na nusu, lenye salamu ndefu na sifa za duka, huku mahali na saa vikitajwa mwishoni, litawaacha wengi wakijua kuna ofa lakini hawajui wapi wala lini. La sekunde 15 litamfikia mtu yule yule mara mbili na ushei, popote alipoanzia kusikia. Kwa hivyo kurudia si mbwembwe za mtangazaji: aliyekosa mwanzo huupata kwenye mzunguko unaofuata.

Sentensi fupi nazo zina sababu yake. Spika ya pembe iliyofungwa juu ya gari haitoi vizuri sauti nzito, na kelele za matatu na tuktuk hufunika konsonanti, ambazo ndizo zinazotenganisha maneno. "Jumatatu" na "Jumatano" hupishana kwenye silabi ya mwisho tu, na "saa nne" huweza kusikika "saa nane". Ukiingia Mji wa Kale, Ndia Kuu, kuta zilizokaribiana huirudisha sauti, na mwisho wa neno moja hulalia neno linalofuata, isipokuwa msemaji avute pumzi kidogo kila sentensi. Ningelipanga hivi: "Leso! Ofa ya leso. Marikiti. Jumatano, kesho. Kuanzia saa nne asubuhi. Pea shilingi mia tano. Marikiti, kesho, saa nne asubuhi." Asiyeidaka "Jumatano" atashika "kesho", na "asubuhi" inamzuia mtu kufika saa nane. Ila rekodi hiyo ibadilishwe usiku huo huo, la sivyo Jumatano yenyewe gari litaendelea kusema kesho.

Wapo watakaosema kurudia huku ni kuwakera wakazi. Hoja hiyo ina uzito, na Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Lakini kinachokera zaidi ni sauti kupandishwa na gari kuegeshwa mahali pamoja, na tangazo refu ndilo linalolazimisha kuegesha. Lililo fupi hukamilika gari likitembea, mtaa ukalisikia mara mbili tatu, kisha ukatulia. Mwenye duka naye atataka rangi, majina ya leso na bei ya jumla vitajwe. Hayo yangoje mezani, ambako mnunuzi anaikunjua leso na kuisoma mwenyewe. Kabla ya kuongeza sauti, mtu asimame kichochoroni Kibokoni asikoliona gari, aulizwe siku, saa na mahali. Akikosea kimoja, kirekebishwe kwenye maneno kwanza.