Pesa Zilizobaki Hazigawanywi kwa Tatu

Kila ushirika unapovunjika kwenye mwambao wa Uvira, uwe wa boti ya kuvua ndagala huko Kalundu au wa ghala la unga mtaani Mulongwe, mhasibu aliyeitwa kupatanisha huulizwa swali lilelile kabla hajafungua daftari: "Tulipatana faida tunagawana sawa. Basi hizi pesa zilizobaki si tuzigawe kwa watatu, yaishe?" Swali hili limekwisha kuulizwa mno. Wanaouliza ni watu wa heshima wanaotaka kuachana kwa wema, lakini wakifuata wanachopendekeza, mshirika mmoja atatoka na pesa za mwenzake mfukoni, na hakuna atakayeona zimepitia wapi.

Uchukuliwe mfano wa kutungwa, wenye hesabu za kawaida za pwani hii. Washirika ni watatu: mfanyabiashara, nahodha na fundi wa injini. Wameandikiana kwamba faida na hasara ni sawa kwa sawa. Siku wanapoamua kuvunja, daftari linaonyesha dola 1,000 taslimu, boti na injini yake dola 18,000, na vitu vingine (nyavu, taa, ndagala wakavu, madeni ya akina mama wa sokoni) dola 7,000. Wanadaiwa dola 8,000 na muuza mafuta pamoja na mkopeshaji mmoja. Kinachobaki, dola 18,000, ndicho mtaji wao: mfanyabiashara ana 12,000, nahodha 6,000, na fundi ana sifuri. Fundi naye aliweka fedha mwanzoni, ila kwa miaka kadhaa amekuwa akichukua kidogo kidogo, leo ada ya shule, kesho mabati ya nyumba, hadi akiba yake ikakauka.

Kisha mali inauzwa, na hapo ndipo daftari na soko huachana. Boti iliyoandikwa 18,000 inapata 10,000. Vitu vya 7,000 vinaleta 3,000, kwa sababu nyavu ni kuukuu na nusu ya wadaiwa hawaonekani. Anayeuza kwa haraka kando ya ziwa hili hana nguvu ya kupanga bei. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, na mwaka huohuo maji yalipanda yakaingia nyumba na maghala ya ufukweni. Nani atalipa bei ya daftari kwa boti ambayo kwa miezi mitatu haitashusha wavu?

Hasara ya kuuza ni dola 12,000. Gharama za kufunga shughuli, yaani dalali, karatasi na mlinzi wa boti, ni 600. Jumla ni 12,600, na kila mmoja anabeba 4,200, kwa sababu ndivyo walivyopatana. Mtaji wa mfanyabiashara unashuka hadi 7,800 na wa nahodha hadi 1,800. Wa fundi unatoka sifuri na kuzama chini yake: anadaiwa 4,200 na wenzake. Wadai wa nje wakishalipwa 8,000 zao, sandukuni zinabaki dola 5,400.

Sasa turudi kwenye lile swali. Dola 5,400 kwa watatu ni 1,800 kwa kila mmoja. Fundi, ambaye anadaiwa 4,200, anapokea 1,800: ametoka na faida ya 6,000 asiyostahili. Mfanyabiashara, ambaye haki yake ni 7,800, anapokea 1,800: amepoteza 6,000 zilezile. Nahodha naye anapokea 1,800, ambazo kwa bahati ni kiasi chake halisi, kwa hiyo haoni ubaya wowote na atawaambia wenzake kwamba mgawo ni wa haki. Mara nyingi ushahidi wa mtu wa kati kama huyu ndio unaofunga mjadala, na mwenye kuumia anaonekana mchoyo.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba mapatano ya faida yanazungumzia pesa. Hayazungumzii pesa hata kidogo. Yanazungumzia matokeo: biashara ikipata, nani ameongezewa kiasi gani katika akaunti yake, na ikipoteza, nani amepunguziwa kiasi gani. Uwiano wa faida ulikwisha kufanya kazi yake pale hasara ya 12,600 ilipokatwa kwa watatu. Kuutumia tena juu ya pesa zilizobaki ni kumtoza mfanyabiashara mara mbili. Pesa za mwisho zinafuata salio la kila akaunti ya mtaji, basi. Mwenye 7,800 anadai 7,800, mwenye 1,800 anadai 1,800, na aliye chini ya sifuri anatakiwa kuleta.

Na uthibitisho uko wazi kwa yeyote anayejua kujumlisha. Masalio mawili ya juu yakiunganishwa ni 9,600. Ukitoa 4,200 za fundi unapata 5,400, kiasi kilekile kilicho sandukuni. Jumla hizi zisipokutana, kuna kitu hakijaandikwa, na mgawo usimame hapo hapo mpaka kipatikane. Mara nyingi ni mshirika aliyechukua nyavu za zamani akazipeleka kwake bila kutozwa bei yake, au deni la mafuta lililolipwa kutoka mfuko wa mtu binafsi. Fedha za aina tofauti nazo huharibu hesabu. Uvira hununua kwa dola, kwa faranga za Kongo na, karibu na Kavimvira, hata kwa faranga za Burundi. Daftari la kufunga linahitaji fedha moja, na kiwango cha kubadilisha cha siku kiandikwe pembeni ya kila malipo.

Mgawo sawa kwa watatu ukishakataliwa, hutokea dawa ya pili ya mitaani: "Fundi hana kitu, basi aondoke na sifuri, tumsamehe." Msamaha ni haki ya anayesamehe, lakini lazima ajulikane anasamehe kiasi gani na kutoka mfukoni mwa nani. Tuseme fundi anauza pikipiki yake na kuleta dola 1,200, kisha kweli hana tena. Upungufu wake uliobaki ni 3,000. Pesa zilizopo zimekuwa 6,600, na wenzake wawili wanadai 9,600. Pengo la 3,000 lazima mtu alibebe. Nani?

Waliosoma uhasibu Kenya au Tanzania watajibu haraka kwa jina la kesi moja ya Uingereza, Garner dhidi ya Murray, iliyochapishwa mwaka 1904. Washirika walikuwa watatu, Garner, Murray na Wilkins, wakigawana sawa lakini mitaji yao ikitofautiana sana, na Wilkins alishindwa kulipa upungufu wake wa pauni 263. Jaji Joyce aliamua kwamba upungufu huo si hasara ya biashara, hivyo haugawanywi kwa uwiano wa faida. Unawaangukia washirika wenye uwezo kwa kadiri ya mitaji yao ya mwisho kabla ya kuvunja. Kwa mfano wetu, mitaji ni 12,000 na 6,000, yaani mbili kwa moja. Mfanyabiashara angebeba 2,000 na kupokea 5,800, nahodha angebeba 1,000 na kupokea 800.

Hukumu hiyo haina nguvu Uvira. Kongo iliingia rasmi katika sheria za biashara za OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na kwa madeni ya pamoja msingi wake wa kale ni sheria ya mikataba ya mwaka 1888: mmoja akishindwa, sehemu yake hugawanywa kwa wenzake wenye uwezo kwa kadiri kila mmoja anavyochangia deni. Waliopatana sawa kwa sawa watabeba 1,500 kila mmoja. Mfanyabiashara atapokea 6,300 na nahodha 300. Kwa nahodha, tofauti kati ya njia hizi mbili ni dola 500, na ingeweza kuzuiwa kwa sentensi moja katika mkataba wa mwanzo.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya makampuni yenye mhuri, wao walipeana mikono tu. Wakosea. OHADA inasema kwamba hakimu akitambua ushirika uliozaliwa kwa matendo bila karatasi, washirika wake wanafuata kanuni za kampuni ambayo kila mshirika anawajibika kwa madeni yote, bila kikomo. Kipengele kinachomkinga mshirika mmoja asiguswe na hasara yoyote kinahesabiwa kama hakikuandikwa. Tena muuza mafuta hajali nani ana nakisi. Akiwa ameidai kampuni kwa njia rasmi na siku 60 zikapita bila kulipwa, anaweza kumfuata mshirika yeyote amtakaye kwa deni lote, na atamchagua mwenye nyumba nzuri.

Cha kufanya, kwa ufupi. Andikeni katika mkataba nani anabeba nakisi ya asiyeweza kulipa, na wekeni kikomo cha kuchukua fedha ili akaunti ya mtu isifike sifuri kimya kimya. Mkivunja, lipeni kwa mpango huu: gharama za kufunga, wadai wa nje, mikopo ambayo mshirika aliikopesha biashara, kisha mtaji. Mshirika mwenye nakisi aliyekopesha biashara, mkopo wake ukatwe kwanza dhidi ya nakisi. Anayetaka boti aichukue kwa bei iliyokubaliwa na wote, iandikwe kwenye akaunti yake. Asiyeweza kulipa leo asaini hati ya deni yenye tarehe za malipo, mbele ya mashahidi.

Na msigawe mapema kwa furaha ya boti kuuzwa. Katika mfano huu, boti ikishauzwa 10,000, madeni yakalipwa na gharama zikatengwa, kuna dola 2,400 mkononi huku vitu vya 7,000 havijauzwa. Mgawo wa tahadhari huchukulia kwamba vitu hivyo havitaleta hata faranga moja, na kwamba aliye chini ya sifuri hatalipa. Hasara inakuwa 15,600, yaani 5,200 kwa kila mmoja. Fundi anazama kwa 5,200, wenzake wanagawana nakisi hiyo, na nahodha naye anazama kwa 1,800. Kwa hiyo zile 2,400 zote ni za mfanyabiashara peke yake, na nahodha anasubiri nyavu ziuzwe.