Programu Isiyosema Imeharibika: Namna ya Kumwandikia Mgeni wa Timu README

Programu ndogo za kuchota data kwenye tovuti zina tabia moja inayowaponza wageni: zikiharibika, mara nyingi hazisemi. Programu inaanza, inazunguka kurasa zote, inamaliza, na faili jipya linatokea kwenye folda. Ukilifungua unakuta mstari wa vichwa tu, na chini yake patupu. Hakuna onyo lolote kwenye skrini. Aliyeiandika programu angejua papo hapo kwamba kuna kasoro. Aliyejiunga na timu wiki hii atalituma faili hilo kwa mkuu wake akidhani kazi imekwisha.

Hapo ndipo README inapohitajika. Hilo ni faili la maandishi ambalo watengenezaji wa programu huliweka mwanzoni mwa folda ya mradi ili anayefika alisome kabla ya kugusa kitu kingine. Waandishi wengi hujaza humo amri za kunakili na kubandika, wakaishia hapo. Lakini amri peke yake ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni kumwambia msomaji ataona nini akishaitoa kila amri, ili ajue imefaulu kabla hajaenda kwenye inayofuata.

Tuchukue mfano tuuone kwa karibu. Tovuti ya `books.toscrape.com` ni duka la vitabu la kubuni, lililowekwa mtandaoni makusudi ili watu wajifunzie kuchota data. Lina vitabu 1000 vilivyopangwa kwenye kurasa 50, vitabu 20 kila ukurasa, na ukurasa wake wa mbele unatangaza wazi kwamba bei zake ziliwekwa kwa kubahatisha tu. Programu yetu, `chota.py`, imeandikwa kwa Python. Inapita ukurasa mmoja baada ya mwingine, inanakili jina na bei ya kila kitabu, kisha inaandika faili la `vitabu.csv` linaloweza kufunguliwa kwa Excel.

Kusakinisha

README yetu inaanza na sentensi mbili za kueleza programu inafanya nini, halafu inaingia kazini. Kwa mwenye Windows amri ni nne:

```
cd chota-vitabu
python -m venv .venv
.venv\Scripts\activate
python -m pip install -r requirements.txt
```

Ya kwanza inamwingiza kwenye folda ya mradi. Ya pili inatengeneza chumba cha pekee cha Python, ili maktaba za mradi huu zisigombane na za mradi mwingine uliomo kwenye kompyuta hiyohiyo. Ya tatu inamwingiza ndani ya chumba hicho. Ya nne inasoma orodha iliyomo kwenye `requirements.txt` na kupakua maktaba mbili: `requests`, inayoomba kurasa kwa seva, na `beautifulsoup4`, inayochambua maandishi ya ukurasa. Mwenye Linux au Mac hubadilisha mstari wa tatu tu, akaandika `source .venv/bin/activate`, na huenda kwenye mstari wa pili akahitaji `python3` badala ya `python`.

Amri inayokwamisha wengi ni ya tatu. Ikifaulu, mwanzo wa mstari wa kuandikia amri unatokea neno `(.venv)`. Lisipotokea, mgeni asiendelee. Kwenye dirisha la PowerShell, Windows inaweza kukataa kabisa amri hiyo kwa sababu za usalama. Njia rahisi ni kufungua Command Prompt na kuitoa upya humo. README isiyotaja jambo hili humwacha mtu akirukia amri ya nne, maktaba zikaingia mahali pengine, na tatizo likajitokeza baadaye likiwa na sura tofauti kabisa.

Kwa hiyo tunaongeza amri ya tano, ambayo haisakinishi kitu ila inapima tu:

```
python -c "import bs4, requests"
```

Hapa kimya ni dalili njema: ikiwa skrini haikujibu kitu, maktaba zote mbili zipo. Yakitokea maneno `No module named 'bs4'`, karibu kila mara mtu hayumo ndani ya `.venv`. README inapaswa pia kusema kwamba maktaba hiyo husakinishwa kwa jina la `beautifulsoup4` lakini ndani ya programu huitwa `bs4`. Bila maelezo hayo, mgeni ataitafuta `bs4` kwenye orodha, asiione, na kuamini orodha ina kosa.

Mipangilio

Mambo ambayo kila mtu huenda akayabadilisha hayaandikwi ndani ya programu. Yanakaa kwenye faili dogo la `mipangilio.ini`. Ndani ya folda kuna `mfano.ini`, na mgeni anatakiwa alinakili, aipe nakala jina la `mipangilio.ini`, kisha ajaze nafasi moja iliyoachwa wazi:

```
[chota]
anwani = https://books.toscrape.com/catalogue/page-{}.html
kurasa = 50
pumzika = 2
mawasiliano =
```

Mstari wa `pumzika` ni sekunde ambazo programu inasubiri kabla ya kuomba ukurasa mwingine. Kurasa 50 kwa sekunde mbili kila mmoja ni sekunde 100, yaani chini kidogo ya dakika mbili, ukiacha muda wa kupakua kurasa zenyewe. Mgeni mwenye haraka atashawishika kuweka sifuri. README imweleze sababu ya kutofanya hivyo: seva inayopokea maombi mfululizo huelemewa, na tovuti nyingi hujibu kwa namba 429, maana yake umeomba mara nyingi mno, au 403, maana yake umezuiwa. Akitaka kufungua na ukurasa wa kila kitabu, maombi yanaongezeka kwa 1000, na kazi inafika kama dakika 35. Akilijua hilo mapema, hataizima programu katikati akidhani imekwama.

Kwenye `mawasiliano` anaweka baruapepe ya timu. Programu huiambatisha kwenye kila ombi, ili msimamizi wa tovuti akiona jambo lisilompendeza ajue amwandikie nani. Tumeipanga programu ikatae kuanza nafasi hiyo ikiwa tupu.

Kuna kosa moja la sehemu hii linalostahili kutajwa kwa jina lake. Chombo cha Python kinachosoma faili za aina hii, `configparser`, kisipolikuta faili hakilalamiki. Kinaendelea kana kwamba faili lipo ila ni tupu. Programu inakwama hatua moja mbele, na skrini inaandika `KeyError: 'chota'`. Anayesoma maneno hayo kwa mara ya kwanza atadhani programu ni mbovu. Kumbe ama hakunakili `mfano.ini`, ama ametoa amri akiwa kwenye folda nyingine. Sentensi moja ya README inamwokolea asubuhi nzima.

Kuendesha

Mgeni haanzi na kurasa 50. Anaanza na mmoja:

```
python chota.py --kurasa 1
```

Na chini yake README inaonyesha kile hasa kinachopaswa kutokea kwenye skrini:

```
Ukurasa 1 kati ya 1: vitabu 20
Imeandikwa: vitabu.csv, vitabu 20
```

Kisha afungue faili na kutazama kitabu cha kwanza, ambacho ni *A Light in the Attic*, bei £51.77. Maelezo haya mafupi yanapima mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza ni idadi. Kila kitabu kwenye ukurasa kimefungwa ndani ya kisanduku kilichopewa alama ya `product_pod`, na programu hutafuta visanduku vyenye alama hiyo. Wenye tovuti wakiibadilisha kesho, programu itapata visanduku sifuri, haitakuwa na cha kuandika, na itamaliza kwa amani. Kimya tulichoanza nacho kinatoka hapa: kwa kompyuta, orodha tupu si kosa. Mgeni aliyeambiwa atarajie 20 akaona 0 anajua pa kuanzia. Anafungua ukurasa kwenye kivinjari, anatazama msimbo wake, na kuona visanduku sasa vina alama gani.

La pili ni jina. Kwenye ukurasa, jina la kitabu hicho limekatwa na kuishia na nukta tatu: *A Light in the ...* Jina kamili limefichwa kwenye sifa ya `title` ya kiungo. Faili likiwa na majina yenye nukta, mtu ameigusa programu na kuielekeza kwenye maandishi yanayoonekana badala ya sifa hiyo.

La tatu ni alama ya pauni, na hapa panahitaji utulivu, maana dalili moja ina vyanzo viwili. Bei ikionekana kama `Â£51.77`, usikimbilie kurekebisha programu. Fungua faili kwa Notepad kwanza. Ikiwa huko inasomeka £51.77, programu haina kosa; ni Excel iliyolisoma faili kwa mpangilio mwingine wa herufi, na dawa ni kuliandika faili kwa mpangilio wa `utf-8-sig` ili Excel ilitambue. Ikiwa hata Notepad inaonyesha `Â`, kosa lilitokea ukurasa ulipopokelewa. Seva isipotaja mpangilio wa herufi, `requests` hukisia, na hukisia mpangilio wa zamani wa Ulaya Magharibi. Mstari huu, ukiwekwa kabla ya kuchambua ukurasa, unamaliza tatizo:

```
jibu.encoding = "utf-8"
```

Ukurasa mmoja ukikubali, ndipo anaondoa `--kurasa 1` na kuiacha programu ipite zote. Mwishoni anatarajia vitabu 1000. Akipata 980, ukurasa mmoja haukufika, na anapanda juu kwenye skrini kutafuta ukurasa ambao hauna 20.

Mipaka, na mstari wa mwisho

README ina haja ya kusema pia programu haifai kwa nini. Hii yetu imefumwa kufuata muundo wa tovuti moja. Kubadilisha anwani kwenye `mipangilio.ini` hakuigeuzi kuwa ya tovuti nyingine. Kutaleta tu orodha tupu. Tena duka hili halina taarifa za mtu yeyote. Tovuti yenye majina na namba za simu za watu ni habari nyingine: Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na uamuzi wa kuchota huko si wa mgeni wa timu.

Mwisho kabisa tunaacha nafasi ya kujaza tarehe ya jaribio la mwisho, toleo la Python lililotumika, aina ya kompyuta, na idadi ya vitabu vilivyopatikana. Kila anayeendesha programu yote na kupata 1000 hubadilisha tarehe hiyo. Anayepata vingine haigusi, bali huandika chini yake alichokiona. Kwa njia hiyo, anayekuja baada yake ataanza kazi akijua kama namba zilizomo kwenye README ni za wiki iliyopita au za miaka miwili nyuma, na aziamini kiasi gani.