Kivuli cha Ngazi Mbili: Kumchora Mhusika wa Katuni kwa Blender

Mchoraji wa katuni anayetumia wino hukata shauri mapema: kivuli kianzie wapi na kiishie wapi. Kompyuta haina shauri hilo. Mweke mhusika wa pande tatu mbele ya taa ndani ya Blender, na mwanga utateremka shavuni polepole, ukipitia rangi nyingi za katikati kabla ya kufika gizani. Jicho litaona plastiki, halitaona mchoro. Kazi ya kupata sura ya katuni, kwa hiyo, ni kuyafuta mengi ambayo programu hiyo inayajua na kubakiza machache uliyoyachagua mwenyewe.

Tumchukue mhusika mmoja: msichana mwenye ngozi ya maji ya kunde, kimo chake mita 1.6, amejifunga kanga. Taa ni moja tu, ya aina ya Sun, na picha inatolewa kwa injini iitwayo Eevee. Uchaguzi wa injini una sababu. Nodi itakayobeba kazi yote, Shader to RGB, inafanya kazi ndani ya Eevee peke yake, Cycles haiitambui.

Kabla ya nodi, bofya mwili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Shade Smooth, la sivyo kila kibapa kidogo cha umbo kitajitokeza na makali yake. Kisha fungua Shader Editor, ondoa Principled BSDF, na uunganishe mfuatano huu:

```
Diffuse BSDF -> Shader to RGB -> ColorRamp -> Emission -> Material Output
```

Diffuse BSDF, ikiwa na rangi nyeupe kabisa, inapima mwanga unaofika mwilini. Shader to RGB inakigeuza kipimo hicho kuwa namba. ColorRamp inaipokea namba na kutoa rangi, na hapo ndipo ngazi zinapozaliwa: badilisha Linear iwe Constant, na rangi zitaacha kuchanganyika. Emission inaitoa rangi hiyo ilivyo, bila kuiangaza mara ya pili.

Weka Strength ya jua iwe 3.14. Kwa kiasi hicho, sehemu inayolielekea jua moja kwa moja inapata 1, na iliyogeuka nyuzi 60 inapata 0.5. Ukilitia pini la rangi ya mwanga mahali pa 0.5, kivuli kitaanza hasa kwenye pembe hiyo. Kwa msichana wetu nalisogeza hadi 0.35 ili mwanga uenee zaidi usoni. Rangi ya World nayo iwe nyeusi, kwa sababu kijivu chake cha kawaida kinajiongeza kwenye kila namba na kuhamisha mpaka. Ukiona mpaka wa kivuli una chembechembe kama mchanga, punguza Angle ya jua hadi 0, maana jua pana linatoa kivuli chenye ukungu na ColorRamp inaukata ukungu huo vipande vipande.

Suala la rangi linatugusa sana sisi, kwani mafunzo mengi yameandikwa kwa wahusika weupe. Wao huishusha tu rangi ya ngozi kuelekea weusi na kuzungushia mstari mweusi. Kwa ngozi ya kahawia, kivuli cha namna hiyo kinaukaribia mstari kiasi kwamba shingo na taya vinamezana. Dawa ni kukisogeza kivuli kuelekea wekundu badala ya kukitia giza tupu. Ngozi yenye mwanga naipa `#8A5434`, kivuli `#5A2F2E`, na mstari `#1E0C10`. Hizi ni ngazi tatu zilizo mbali vya kutosha kwa jicho kuzitenganisha hata picha ikiwa ndogo kwenye simu. Ngazi ya tatu ya mng'ao siioni haja yake kwenye ngozi. Iache kwa nywele.

Huenda ukaziandika rangi hizo sawasawa na bado zitokee zimefifia. Tangu toleo la 4.0, Blender inaanza na View Transform ya AgX, iliyotengenezwa kuiga jinsi kamera inavyopokea mwanga mkali. Kwa katuni, nenda Render Properties, sehemu ya Color Management, uchague Standard. Rangi uliyoiandika itakuwa ndiyo unayoiona.

Sasa mstari. Kwenye mwili ongeza modifaya ya Solidify, nayo itatengeneza ganda la pili linalouzunguka wa kwanza. Thickness iwe 0.004, yaani milimita nne, Offset iwe 1 ili ganda likae nje, na utie alama kwenye Flip. Flip inaligeuza ganda kama koti lililovaliwa ndani nje. Ongeza Material ya pili yenye Emission ya rangi ya mstari, washa Backface Culling kwenye mipangilio yake, kisha rudi kwenye Solidify uweke Material Offset iwe 1. Upande wa ganda ulio mbele ya kamera utafichwa, na wa nyuma utachungulia pembeni mwa mwili tu. Huo ndio mstari wenyewe.

Mhusika akigeuka donge jeusi zima, ama Flip haijawashwa ama Backface Culling. Mstari ukikatika kwenye kona, kuna nukta zilizoachana: zichague zote, bonyeza M, kisha By Distance. Ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba mwingine, huenda mwili ulivutwa bila kipimo chake kuthibitishwa; Ctrl+A, kisha Scale, inarekebisha. Ganda hili lakini halichori mikunjo iliyo katikati ya kanga wala pindo lake. Hayo ama uyapake kwenye picha ya kitambaa, ama uyaachie Line Art.

Pagumu ni usoni. Pua, midomo na matundu ya macho yanakivunja kivuli kuwa mabaka, na ngozi inaonekana chafu. Kila sehemu ya umbo ina mshale usioonekana unaoiambia taa inaelekea wapi, na mishale hiyo inaweza kudanganywa. Arc System Works ya Japani ilifanya hivyo kwa mkono kwenye mchezo wa Guilty Gear Xrd wa mwaka 2014, mpaka wachezaji wengi wakaudhani umechorwa kwa pande mbili.

Njia fupi ni kutengeneza umbo la pili la uso lililo laini, lisilo na pua wala midomo, kisha kuuwekea uso halisi modifaya ya Data Transfer inayosoma Custom Normals kutoka kwenye umbo hilo, chini ya Face Corner Data. Uibane kwa Vertex Group inayohusu uso pekee, na uiweke juu ya Solidify kwenye orodha. Kwa matoleo ya kabla ya 4.1, Auto Smooth lazima iwashwe kwanza. Pua itabaki na umbo lake, lakini mpaka wa kivuli utapita shavuni kwa mkunjo mmoja safi. Kivuli ambacho pua inakitupa juu ya mdomo ni kitu kingine. Kinaondoka ukizima Shadow ya jua, na hapo kivuli cha kidevu shingoni nacho kinapotea, hivyo utalazimika kukipaka.

Kukagua, lizungushe jua taratibu kumzunguka msichana huku ukitazama shavu tu. Mpaka ukiteleza bila kuruka, umbo laini limetosha. Ukiruka ghafla karibu na pua, lipanue kidogo pale na ujaribu tena.